Elfu au Milioni? Soma Kichwa cha Safu Kabla ya Kulinganisha Pesa

Ukisimama Sori, kwenye ghuba ya Karungu, uko kaunti ya Migori. Fuata ufuo kuelekea kaskazini na muda si mrefu utakuwa Gwassi, ambako ni Homa Bay. Watu wa pande hizi mbili wanavua ziwa moja, wanaoana, wanauziana omena, na bila shaka wanabishana. Ubishi mmoja usioisha ni huu: kaunti gani inapata pesa nyingi kutoka serikali kuu?

Sasa tuseme mtu amekutumia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza imekatwa kutoka ripoti moja, na mstari wa Homa Bay unasema 7,805,353. Ya pili imetoka ripoti nyingine, na mstari wa Migori unasema 8,005.02. Ukitazama haraka haraka utasema Homa Bay inaogelea kwenye pesa na Migori imetupiwa makombo. Kumbe kaunti hizo mbili zimekaribiana sana, na Migori ndiyo iliyo mbele kidogo.

Picha hizo hazina uongo wowote. Katika mgao wa mapato ya kitaifa wa mwaka wa fedha 2021/22, Migori ilitengewa shilingi 8,005,020,448 na Homa Bay shilingi 7,805,353,300. Ripoti ya kwanza imeandika juu ya safu `KSh '000`, maana yake kila tarakimu iliyo chini yake uiongezee sufuri tatu. Ya pili imeandika `Kshs. Million`, yaani uzidishe kwa milioni moja. Aliyekata picha alikata mstari alioutaka, akaacha kichwa cha safu nje. Huko nje ndiko ukweli ulikobaki.

Mbona wahasibu wasiandike shilingi zote zikaonekana? Ni nafasi tu. Jedwali lenye kaunti 47 na safu kumi haliwezi kuingia kwenye ukurasa kama kila kisanduku kina tarakimu kumi. Kwa hivyo wanapunguza sufuri na kuweka alama juu. Shida huanza pale ripoti moja inapokuwa na majedwali yaliyotengenezwa na watu tofauti: jedwali la kulinganisha kaunti likawa kwa milioni, la idara za kaunti likawa kwa shilingi kamili, na nyongeza ya mwisho ikawa kwa maelfu. Kila jedwali peke yake liko sawa. Kosa linazaliwa ukichukua namba kutoka la kwanza ukaiweka kando ya namba ya la tatu.

Njia ya kulitambua haihitaji digrii. Gawa pesa kwa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Toa kikokotoo kwenye simu. Shilingi bilioni 7.8 za Homa Bay ukizigawa kwa watu wake unapata karibu shilingi 6,900 kwa kila mtu. Bilioni 8 za Migori zinakupa karibu 7,170. Hizo ni namba zinazoingia akilini: serikali ya kaunti inalipa manesi, inatengeneza barabara na kununua dawa kwa takriban elfu saba kwa kichwa kwa mwaka. Sasa ifanye kimakosa. Chukua ile 7,805,353 ya Homa Bay uisome kama milioni. Inakuwa trilioni 7.8, na kila mkaazi wa kaunti, mtoto mchanga akiwemo, anapata karibu milioni 6.9. Isome kama shilingi kamili, na kila mtu anapata kama bob saba. Hakuna haja ya kumuuliza mtaalamu hapo.

Kipimo cha pili ni jumla. Kaunti zote 47 mwaka huo ziligawana shilingi bilioni 370. Kaunti moja haiwezi kuwa na trilioni 7.8 ndani ya mfuko wa bilioni 370, kama vile debe haliwezi kuingia ndani ya kikombe. Ukigawa 370 kwa 47 unapata bilioni 7.9 hivi, na kaunti zetu zote mbili ziko karibu na hapo.

Majedwali ya pesa za simu, ambayo pengine ndiyo yanayokuhusu wewe zaidi, yana mtego wake. Benki Kuu ya Kenya huchapisha jedwali la kila mwezi, na ndani ya mstari mmoja kuna vipimo vitatu tofauti. Idadi ya mawakala imeandikwa kamili, mmoja mmoja. Akaunti zilizosajiliwa ziko kwa milioni. Thamani ya pesa zilizowekwa na kutolewa kwa mawakala iko kwa bilioni za shilingi. Desemba 2021 mawakala walikuwa karibu 298,000 na thamani ilikuwa karibu 622. Mtu akiona 298,000 na 622 kwenye mstari mmoja, jicho linamwambia mawakala ni wengi na pesa ni kidogo. Gawa: bilioni 622 kwa mawakala 298,000 ni karibu milioni 2.1 kwa kila wakala kwa mwezi huo. Ni wastani tu, wakala wa mjini na yule wa ufuoni si sawa, lakini inawezekana. Ungeisoma 622 kama milioni, kila wakala angekuwa amepitisha shilingi 2,087 mwezi mzima, na huyo wa Sori hupitisha zaidi ya hapo kabla ya chai ya saa nne siku ya soko.

Tuje nyumbani sasa, kwenye vikundi. Hapa kosa hili linauma zaidi kwa sababu hakuna gazeti litakalolisahihisha.

Chukua kikundi cha wanawake 62 wanaonunua na kukausha omena. Si kikundi cha mtu fulani, ni mfano wetu. Kila mmoja ameweka shilingi 20,000 kwa mwaka, na akiba yote inapita kwenye akaunti moja ya simu ambayo haitumiki kwa jambo lingine. Mwisho wa mwaka mweka hazina anamwomba kijana wa cyber awachapie ripoti. Ukurasa wa kwanza una jedwali la akiba, kichwa `KSh '000`, na jumla ni 1,240. Ukurasa wa tatu una jedwali la mikopo ambayo haijalipwa, kichwa `KSh M`, na jumla ni 1.9. Kijana alinakili jedwali la pili kutoka fomu ya taasisi iliyowakopesha, na fomu ile ilikuja na milioni zake.

Kwenye mkutano mama mmoja anaomba kikundi kimkopeshe mwanawe pesa za injini ya boti. Wanafungua ripoti. Akiba 1,240, mikopo 1.9. Nani atakataa? Inaonekana pesa imejaa na mikopo ni kama haipo. Wanapiga makofi, wanapitisha.

Iweke yote kwa shilingi kamili. Akiba ni 1,240,000. Mikopo ya nje ni 1,900,000. Wamekopesha kuliko walichoweka kwa shilingi 660,000, na tofauti hiyo ni pesa ya watu, yaani ya ile taasisi, na ina riba. Injini ya boti ingewatia shimoni. Na jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna mtu aliyeiba wala kuficha kitu. Kila namba kwenye karatasi ilikuwa ya kweli.

Wangelijuaje mapema? Wangegawa. Tuseme waliokopa ni 19. Kama ile 1.9 ni maelfu, kila mmoja alikopa shilingi mia. Nani anaitisha mkutano, anatafuta wadhamini wawili, anaweka sahihi kwa sababu ya shilingi mia? Kama ni milioni, kila mmoja ana laki moja, ambayo ndiyo wanakikundi wanaikumbuka. Upande wa akiba, 1,240,000 kwa watu 62 ni 20,000, sawasawa na walivyokubaliana.

Akiba vilevile unaweza kuipima kwa taarifa ya akaunti, ile unayoipakua kwenye simu. Taarifa hiyo huandika shilingi kamili pamoja na senti: 1,240,000.00. Haina maelfu wala milioni zilizofichwa kichwani. Ndiyo maana tunapenda wateja waishike mkononi wanaposoma ripoti yoyote ya kikundi. Angalia tu nukta na koma vizuri: koma inatenga maelfu, nukta inatenga senti. Kuna watu wameona `1.240` kwenye karatasi iliyopigwa chapa vibaya wakadhani ni shilingi moja na senti.

Kuna jambo linalowachanganya hata wanaosoma kwa makini. Ukishabadilisha kila kitu kuwa shilingi kamili, namba hazitalingana mpaka shilingi ya mwisho. Homa Bay ikiandikwa 7,805.35 kwa milioni, ukiirudisha unapata 7,805,350,000, na shilingi 3,300 zimepotea njiani. Hazijaibwa, zilikatwa wakati wa kufupisha. Kwenye safu ya milioni yenye tarakimu mbili baada ya nukta, tofauti inaweza kufika shilingi 5,000 bila kosa lolote. Ikizidi hapo, uliza. Kwa kikundi kidogo shilingi 5,000 ni nyingi, na kwa hiyo ripoti ya kikundi haina sababu ya kutumia milioni kabisa.

Pia fahamu kwamba kugawa kwa watu kunakamata kosa la mara elfu tu. Kosa la kuandika 1,240 badala ya 1,420 halitaonekana kwa njia hiyo. Hilo linahitaji mstari kwa mstari na taarifa ya akaunti. Na kosa baya kuliko yote ni lile la jedwali moja ambalo mistari ya juu ni maelfu na ya chini ni shilingi kamili, kwa sababu mtu alianza kufupisha akachoka. Dalili yake ni jumla isiyoeleweka: mstari mmoja unabeba karibu jumla yote, na mingine ni vijisenti. Ukiona hivyo, usijaribu kuirekebisha mwenyewe kwa kukisia. Mpigie mweka hazina, na umwulize hivi tu: "Hizi za juu na hizi za chini, zote ni shilingi kamili ama kuna zilizokatwa sufuri?"