Mkwaju na Herufi Moja

Ukiingia kikaoni umechelewa saa nzima, mwenyekiti akakwambia, "Hongera kwa kuwahi," huhitaji kufafanuliwa. Neno "hongera" limevutwa na jicho lake linakufuata mpaka unapoketi. Maneno hayohayo yakiandikwa kwenye kundi la simu yanabaki kuwa pongezi. Waliokuwepo kikaoni watayaelewa, maana wanajua ulifika saa ngapi. Asiyekuwepo ataamini uliwahi kweli.

Mwandishi mwenyewe ndiye wa mwisho kuliona tatizo hilo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walipelekeana kauli za kejeli na za dhati, ama kwa sauti ama kwa baruapepe. Katika jaribio moja, wapelekaji walitarajia kueleweka kama mara 78 katika kila 100, kwa njia yoyote. Kwa sauti hawakukosea sana. Kwa baruapepe walieleweka mara 56 tu, karibu sawa na kubahatisha. Watafiti walieleza kwamba mtu anapoandika huisikia sauti yake kichwani, kisha hudhani na msomaji anaisikia. Ndiyo maana nashauri usome ujumbe wako kwa sauti kavu, kama unasoma tangazo, kabla hujautuma. Ukiona kejeli imepotea, jua msomaji pia hataiona.

Alama ya `/s` ilizaliwa ili kuziba pengo hilo. Asili yake ni lugha ya kuandikia kurasa za kompyuta, ambamo kila kinachofunguliwa hufungwa kwa mkwaju:

```
<b>maneno mazito</b>
```

Watu waliozoea mtindo huo wakaanza kumalizia maneno yao ya kejeli kwa `</sarcasm>`, kana kwamba wanafunga kitu, ingawa hawakuwa wamekifungua. Baadaye alama hiyo ikafupishwa kuwa `/s`. Mimi naona kuukosa huo mwanzo ndiko kunakoifanya ifae. Kejeli iliyotangazwa mapema haina makali tena, lakini alama ikija mwishoni msomaji anaipokea kauli kwanza kama ilivyo, halafu analazimika kurudi nyuma na kuigeuza.

Kasoro yake ni kwamba haionyeshi kejeli imeanzia wapi. Tazama ujumbe huu: "Daraja limefungwa. Piteni njia ya sokoni. Huko hakuna foleni kabisa /s". Mwandishi anakejeli foleni tu, lakini dereva anaweza kudhani hata habari ya daraja ni mzaha, akaenda kukwama darajani. Dawa ni kuitenga habari ya kweli katika ujumbe wake peke yake, na kejeli ifuate katika ujumbe mwingine. Tena alama hii haifuti tusi. Ukimwita mwenzako mjinga ukamalizia kwa `/s`, atasoma tusi, kisha ataona umetafuta pa kujificha.