Ile 5.75 ya redioni si riba ya mkopo wako

Tangu Julai 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, swali nilipatalo Urambo ni lile lile: "Mbona mimi natozwa 16? Hiyo kumi nani anakula?" Juzi mzee mmoja mkulima wa tumbaku alinipigia simu, hata shikamoo yangu hakuisubiri.

Mzee wangu, 5.75 haijawahi kuwa bei ya mkopo wa mkulima. Inaongoza mikopo ya siku 7 ambayo benki hukopeshana zenyewe zinapopungukiwa. Fedha zikijaa mno katika soko hilo, Benki Kuu huzinyonya kwa kuuza dhamana. Zikikauka, huzirudisha, ili riba ya humo isiachane na yake kwa zaidi ya pointi 2. Juu ya hapo benki yako inaongeza gharama za kuendesha tawi, hasara ya wasiolipa, na faida yake.

Benki Kuu ilipopandisha riba yake kutoka 5.5 hadi 6, Aprili 2024, ilikuwa inawahi mfumuko wa bei. Benki inayopata fedha kwa ghali hukaza mikopo mipya, mwenye duka la jumla akaagiza mzigo mdogo, na muuzaji akaogopa kupandisha bei mbele ya wateja wachache. Huchukua miezi. Na mahindi yakipanda kwa sababu ya ukame, Benki Kuu haina mvua ya kutoa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapokasirikia kitu kisichowahusu. Umekopa 2,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 16 kwa mwaka, ikitozwa kwenye salio lililobaki. Utalipa riba ya kama 177,500. Benki ikikupunguzia robo asilimia nzima, utaokoa chini ya shilingi 3,000 kwa mwaka mzima! Lakini 16 hiyo hiyo ya mwaka ikikokotolewa kwenye 2,000,000 zote mwaka mzima, kana kwamba hujarejesha hata senti, riba ni 320,000. Tofauti ni zaidi ya 142,000, na Benki Kuu haijagusa kitu.

Kwa hiyo, upesi upesi: uliza riba inatozwa kwenye salio au kwenye kiasi cha awali. Uliza ada ya mkopo na bima. Uliza kama riba ya mkataba inabadilika. Isipobadilika, tangazo lolote la Benki Kuu halitakugusa mpaka ukope upya. Linganisha na Saccos. Wa kausha damu anayesema "asilimia 10 tu", muulize kwa mwezi au kwa mwaka.

Nilimwomba yule mzee anisomee mkataba wake kwenye simu. Mstari wa nne ulisema: riba itakokotolewa kwenye kiasi cha awali cha mkopo.