Tangi la Maji Kabla ya Masika: Kazi Ipi Haiwezi Kungoja?

Hapa Majengo watu wanajua taabu ya mfereji uliokauka. Maji ya kisiwa chetu hutoka mbali bara, mengine Mzima kule Tsavo, na siku yasipofika tunakimbilia mikokoteni. Ndiyo maana vikundi vingi hujenga tangi la kukinga maji ya mvua kutoka paani. Lakini masika hayangoji mtu. Tangi lisipokuwa tayari mwishoni mwa Machi, maji ya Aprili na Mei yote yanakwenda mtaroni.

Sisi tuliyaona hayo. Tangi letu la kwanza lilichelewa, na mawingu yalipoanza kujikusanya tukashikwa na haraka. Tukatoa miti na mbao chini ya kifuniko cha zege siku ya 6 tu baada ya kukimwaga. Kifuniko kikapinda, kikapasuka katikati, tukakivunja wenyewe. Na jambo lililotuuma zaidi ni hili: pesa za kuharakisha tulikuwa tumezitoa, ila tulizitoa kwa kazi isiyohitaji haraka.

Safari ya pili tulitumia hesabu ambayo wajenzi na wenye viwanda wanaitumia tangu mwaka 1957, ilipotungwa kule Marekani na Morgan Walker na James Kelley. Hebu tuifuate pamoja, maana haitaki zaidi ya karatasi na kujumlisha na kutoa.

Kwanza tuliandika kila kazi, siku zake (mapumziko yakiwa yamo ndani), na kazi inayopaswa kuitangulia:

A. Kuchimba shimo: siku 6. Haingoji kitu.
B. Kununua na kuleta vifaa, bati zikiwemo: siku 4. Haingoji kitu.
C. Sakafu ya zege: siku 3. Yangoja A na B.
D. Kuta za matofali ya saruji: siku 5. Yangoja C.
E. Kupanga mbao na kumwaga kifuniko: siku 2. Yangoja D.
F. Kumwagilia zege maji na kungoja likomae: siku 14. Yangoja E.
G. Fundi bati kutengeneza mifereji ya paa: siku 12. Yangoja B.
H. Kufunga mifereji: siku 2. Yangoja G.
I. Kutoa mbao na kupiga plasta ndani: siku 3. Yangoja F.
J. Kuunganisha bomba na kujaribu tangi: siku 2. Yangoja H na I.

Kuchimba tulikupa siku 6 kwa sababu hapa chini ni mwamba wa matumbawe, ni sululu na mtaimbo. Kisha tukachora kila kazi kama kisanduku, na mshale kutoka kazi inayotangulia hadi ile inayoingoja. Huo ndio mchoro wa kazi.

Sasa hesabu ya kwenda. Tunaanza siku 0, tunajumlisha tukifuata mishale, ili tujue kila kazi inaweza kuanza na kwisha mapema kiasi gani. A inakwisha siku ya 6, B siku ya 4. C inangoja zote mbili, basi ianze lini? Si siku ya 4! Vifaa vitakuwa vimefika, lakini shimo bado. Kazi inayongoja wengi huanza anapomaliza wa mwisho wao, kwa hivyo twachukua namba kubwa: 6. C inakwisha siku ya 9, D ya 14, E ya 16, F ya 30, I ya 33. Upande wa pili, G inaanza siku ya 4 na kwisha ya 16, H ya 18. J inangoja H (18) na I (33). Twachukua 33, na J inakwisha siku ya 35. Kumbe tangi ni siku 35. Tukianza Februari 20, mwezi ukiwa na siku 28, tunamaliza Machi 26. Ni pembamba, lakini inatosha.

Halafu hesabu ya kurudi. Tunaanza mwisho, siku ya 35, tunatoa tukirudi nyuma, ili tujue kila kazi inaweza kuchelewa hadi lini bila kuisogeza ile 35. J lazima ianze siku ya 33. Basi I na H zote ziwe zimekwisha siku ya 33. I ianze kabla siku ya 30 haijapita, F ya 16, E ya 14, D ya 9, C ya 6, A ya 0. Upande wa mifereji, H inaweza kungoja hadi siku ya 31, na G hadi ya 19. Na B je? C inaitaka iishe siku ya 6, G inaridhika ikiisha siku ya 19. Hapa twachukua namba ndogo, 6, kwa sababu mwenye haraka ndiye atakayekwama. Basi B inaweza kuanza hata siku ya 2.

Sasa kwa kila kazi, toa mwanzo wa mapema kwenye mwanzo wa mwisho. Jibu ndilo siku zake za akiba. B: 2 toa 0, akiba 2. G: 19 toa 4, akiba 15. H: 31 toa 16, akiba 15. Nyingine zote, A, C, D, E, F, I na J, akiba ni 0. Mnyororo huo usio na akiba ndio njia ya lazima. Siku moja ikipotea humo, tangi zima linachelewa siku moja.

Tazama basi kosa letu la mwanzo. Tulimwongezea fundi bati pesa ili afanye haraka, naye alikuwa na siku 15 za kupumua! Mifereji ilifika mapema, ikalala ukumbini ikipigwa vumbi.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, akiba ya G na H si 15 na 15. Ni zile zile 15, wanagawana. Fundi bati akizila 10, mfungaji amebakiwa na 5.

La pili, njia ya lazima huhama. Tulifikiria kuongeza wachimbaji ili A ishuke kutoka siku 6 hadi 3. Je, tungeokoa siku 3? Hapana, ni 2 tu. Vifaa bado vinafika siku ya 4, kwa hivyo C ingeanza siku ya 4, na sasa B ndiyo ingekuwa kwenye njia ya lazima. Pesa za siku ile ya tatu zingepotea bure. Tuliongeza watu kiasi cha kufikisha siku 4, tukaishia hapo, na mpango ukawa siku 33.

Na zile siku 14 za F? Hizo hazinunuliki. Zege halijui pesa wala mawingu. Ukitaka kuokoa siku, ziokoe kabla halijamwagwa.

Siku tulizoandika ni makadirio tu. Kwa hivyo kila Jumamosi tulikaa na karatasi yetu, tukaandika siku halisi za kazi zilizokwisha, tukahesabu upya kwenda na kurudi. Kifuniko cha pili kilikaa siku 14 kamili. Mbao zilipotolewa, hakikupinda.