Swali la Bure Lina Mwaka Gani?

Wanafunzi watano wa udaktari wakigawana kitabu kimoja, ugomvi wao mkubwa huwa ni zamu. Mimi naogopa zaidi maswali ya bure wanayorushiana kwa simu. Kitabu, hata kikiwa kimechakaa, kimeandikwa toleo na mwaka wake. Faili la maswali lililopita mikono mingi halina mwandishi wala tarehe, na majibu yake hukaririwa vivyo hivyo.

Tuchukue swali moja. Mtoto wa kilo 15 ana malaria kali; dozi ya kwanza ya artesuneti ya sindano ni miligramu ngapi? Faili la zamani litakupa 36, kwa hesabu ya miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi hadi mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipopandisha dozi ya watoto walio chini ya kilo 20 hadi miligramu 3 kwa kilo. Ilikuwa imebainika kwamba kwa dozi ileile ya uzito, dawa inayofika kwenye damu ya mtoto mdogo ni kidogo kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo jibu ni 45, na dozi hurudiwa saa ya 12 na ya 24. Faili la kabla ya 2010 huenda hata likakuelekeza kwenye kwinini, ingawa mwaka huo utafiti wa AQUAMAT, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti huokoa watoto wengi zaidi.

Kasoro hii haienei kila mahali. Swali la anatomia la miaka 20 iliyopita bado linafaa, maana mishipa haijahama. Penye matibabu ndipo pa kushuku. Ukiona joto la mgonjwa limeandikwa kwa Farenhaiti, jua swali pengine limetoka Marekani, na dawa inayotajwa huenda si chaguo la kwanza kwetu.

Dawa ya tatizo hili haihitaji intaneti ya kila siku. Siku mtandao ukiwa mzuri, mmoja apakue mwongozo wa taifa wa matibabu, kisha awapelekee wenzake kwa Bluetooth. Mwenye zamu ya kitabu asome sura yake huku akiandika maswali kwenye AnkiDroid, programu ya bure inayofanya kazi bila mtandao. Kila jibu lilinganishwe na mwongozo, na chini yake iandikwe kwa nini majibu mengine si sahihi. Hapo ndipo mtu hujifunza: anayejua 36 imetoka wapi hababaishwi uzito wa mtoto ukibadilishwa.

Kundi nalo linaweza kukosea kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kutuma swali, taja toleo na ukurasa ulikohakikisha jibu. Kama huna, usilitume.