Asha ndiye aliyevunja chungu

Asha alivunja chungu jana. Sentensi hii inatoa habari tu. Lakini nyumbani mtu hasemi hivyo ikiwa kuna ubishi. Watoto wanalaumiana, na mama anataka kumjua mkosaji. Hapo atajibiwa: "Asha ndiye aliyevunja chungu." Kuvunjika kwa chungu kila mmoja anakujua, kipya ni jina la Asha, na wengine wote wameshatolewa lawamani.

Ubishi ukiwa juu ya chombo, mkazo unahama: "Chungu ndicho alichovunja Asha," si sahani. Ukiwa juu ya siku: "Jana ndipo Asha alipovunja chungu." Tazama jinsi sehemu mbili zinavyoitikiana: ndiye na aliye-, ndicho na alicho-, ndipo na alipo-. Nomino inaanza, na kile kipande cha mwisho cha "ndi-" kinarudi ndani ya kitenzi.

"Ni" haina nguvu hiyo. Ukisema "Asha ni mpishi," huenda nyumba ina wapishi watatu. "Asha ndiye mpishi" inafunga mlango: ukimtafuta mpishi, umempata, hakuna mwingine.

Tofauti inaonekana wazi zaidi katika kukanusha, na hapa ndipo ninapoona uzuri wa jambo hili. "Asha hakuvunja chungu" inaweza kusemwa hata chungu kikiwa kizima jikoni. "Asha siye aliyevunja chungu" inakubali kwamba chungu kimevunjika, na kwamba aliyekivunja yupo. Anayejitetea kwa maneno haya amekiri nusu ya kesi, na msikilizaji makini atauliza mara moja: basi ni nani?

Upatanisho nao unabeba maana. "Kikapu cha ndizi ndicho kilichooza" inamaanisha ukindu umeoza, ndizi huenda bado zinalika. Zikiwa zimeoza ndizi zenyewe, tunasema: "Ndizi za kikapuni ndizo zilizooza." Mwenye duka akikosea hapo, atanunua kikapu kipya bure.

Siku hizi wengi wanasema "ndio" kwa kila kitu: "Kitabu hiki ndio ninachokitafuta." Katika mazungumzo tunaelewana, kwa sababu kitenzi kinasaidia. Katika maandishi sanifu, "ndio" ina mahali pake: watu ndio, mti ndio, ukuta ndio. Miti na maji huchukua "ndiyo", sawa na nyumba moja. Nyumba zikiwa nyingi ni "ndizo". Gari ni "ndilo". Ng'ombe, kwa kuwa ana uhai, ni "ndiye".

Ukisita unapoandika, tazama kitenzi kinachofuata. Katika "ninachokitafuta" tayari umeandika -cho-. Irudishe nyuma kwenye "ndi-", upate "ndicho".