Kusoma Wikipedia kwa Herufi Kubwa

Wengi wetu tunasoma Wikipedia ya Kiswahili kwenye telefone, usiku, kazi za nyumba zikiisha. Herufi ni ndogo. Tukizikuza kwa vidole viwili, mistari inatoka nje ya kioo, na tunasukuma ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari. Kuna njia nyingine: kuandika amri chache za CSS, lugha inayoamua ukurasa uonekane namna gani. Amri hizo zinakaa kwenye telefone yetu tu. Wasomaji wengine hawaoni badiliko lolote.

Tunahitaji Firefox kwenye telefone ya Android. Katika menyu yake ya nukta tatu tunaingia Extensions na kuongeza Stylus, ambayo ni ya bure. Kisha tunafungua ukurasa, tuseme ule wa malaria, tunarudi kwenye menyu, tunagusa Stylus, halafu tunagusa wikipedia.org ili amri zihusu tovuti hiyo peke yake. Tunaandika hivi, tunaipa kazi yetu jina, tunahifadhi:

```css
#siteNotice, .mw-editsection {
  display: none !important;
}
#mw-content-text p,
#mw-content-text li {
  font-size: 22px !important;
  line-height: 1.7 !important;
}
```

Sehemu ya kwanza inaficha matangazo ya juu na alama za kuhariri zilizo kando ya vichwa vidogo. Ya pili inakuza aya na orodha: kawaida ya vivinjari ni 16px, sisi tumeweka 22px na kuachanisha mistari. Tumetumia px kwa sababu tukiandika 130%, orodha iliyo ndani ya orodha itakuzwa mara mbili. Neno !important linaipa amri yetu nguvu juu ya ile ya tovuti.

Tukiona matangazo yamefichika lakini herufi zimebaki ndogo, tutazame nukta mkato baada ya 22px !important. Ikikosekana, kivinjari kinaunganisha mistari miwili, hakielewi, na kinaitupa yote. Ikiwa hakuna kilichobadilika kabisa, tuhakikishe kwamba amri zimeandikiwa wikipedia.org, si tovuti nyingine.

Tusitegemee kwamba mega zitapungua. Kilichofichwa kwa kawaida bado kinapakuliwa. Ni macho tu yanayopumzika.

Na kuna kitu kimoja tusikifiche hata kama kinachukua nafasi: kisanduku cha onyo kinachowekwa juu ya makala, kinachosema kwa mfano kwamba makala haina vyanzo. Mama anayesoma habari za homa ya mtoto wake anapaswa kukiona onyo hilo kabla ya kuamini yaliyoandikwa chini yake.