Shati Linapogeuzwa Ndani Nje

Shule za Tanzania hufungua mwaka Januari, kwa hiyo miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo mafundi cherehani wanapoanza kugonga hodi katika ofisi za walimu wakuu wa shule binafsi, kila mmoja na mfuko wake. Ndani ya mfuko mna shati la sampuli, na simu mkononi imejaa picha. Fundi hulitandaza shati mezani, kola juu, nembo mbele. Mnunuzi mzoefu hulichukua na kuligeuza ndani nje.

Huko ndiko kazi inakosomeka. Je, kingo zimepitishwa ovaloki, au nyuzi zinaning'inia? Kwenye kwapa, mishono minne imekutana au imepishana? Kisha rula inawekwa juu ya mshono na pigo za sindano zinahesabiwa: shati la mwanafunzi hupendeza likiwa na pigo kama 10 hadi 12 kwa inchi. Zikiwa 6 au 7, mshono utafunguka mtoto akivutwa shati uwanjani. Vifungo navyo vinavutwa kidogo. Mwishoni pindo linapimwa, kwa sababu mzazi anataka sketi inayoweza kuteremshwa mwakani.

Fundi wengi hayo wanayaweza. Wanapokwama ni kwenye swali jingine kabisa: hili shati unaweza kulirudia mara 200?

Tuchukue fundi mwenye cherehani mbili na msaidizi mmoja, anayeomba mashati 200. Sampuli ameidekeza: ameishona kwa saa tatu, kola ameirudia, pasi ameipiga kila hatua. Kwa mwendo huo anahitaji saa 600. Watu wawili wakifanya kazi saa 8 kwa siku wanapata saa 16, kwa hiyo ni siku 38 za kazi, na shule imempa mwezi. Atalazimika kukimbiza, na mashati yatakayofika hayatafanana na lile lililompa kazi. Afadhali ashone sampuli kwa mwendo wa kila siku, tuseme saa moja na nusu. Mashati 200 yatakula siku 19, na zitabaki siku za kurekebisha yenye kasoro. Sampuli hiyo huenda isimeremete kama ya jirani, lakini bei na tarehe atakazotaja zitakuwa za kweli.

Kitambaa nacho kina siri zake. Kabla ya kukata sampuli, fundi makini hukata kipande cha sentimita 50 kwa 50, anakifua, anakianika, anakipiga pasi na kukipima tena. Kikirudi na sentimita 48 na nusu, kimenywea asilimia 3. Ni kidogo kwa macho, ila kola ya sentimita 36 inapoteza sentimita moja, na hiyo ndiyo kola inayombana mtoto baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Maji ya kufulia nayo yanaonyesha kama rangi inachuja. Kipande hicho kilichofuliwa, kikibandikwa kwenye kadi pamoja na vipimo vyake viwili, kinamsadikisha mwalimu kuliko maneno mengi.

Picha zina kazi yake pia, mradi ziwe za fundi mwenyewe. Wanunuzi wameshaona magauni yaleyale ya mtandaoni kwenye simu za mafundi watano tofauti. Picha 10 zinatosha: sare ileile katika saizi ya mtoto wa darasa la kwanza na la saba, upande wa ndani wa mshono, sketi iliyokwisha kuvaliwa muhula mzima. Chini ya kila moja iandikwe aina ya kitambaa, idadi iliyoshonwa na mwaka. Nyuso za watoto zisionekane bila ruhusa ya wazazi. Kwa aliyejifunzia kazi kibarazani, VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa namna hiyo na kuutolea cheti, nacho kinaweza kukaa kwenye albamu hiyohiyo.

Akikubaliwa, fundi ashone sampuli mbili zinazofanana. Zote zisainiwe kwenye lebo, moja ibaki shuleni na nyingine ining'inizwe karibu na cherehani. Bila hivyo, ubishi wa mwezi Januari kuhusu urefu wa mkono au rangi ya bluu hauna mwamuzi.

Ugomvi mwingi huanzia dukani: kitambaa cha sampuli kimekwisha Kariakoo, na muuzaji anatoa "kinachofanana nacho". Hapo fundi akate kipande kidogo, akifue, akipeleke shuleni kisainiwe upya, kabla mkasi haujagusa jora.